Mfumo Kutoka Newala: Namna ya Kuandika Siku Yako kwa Sauti ya Utabiri wa Hali ya Hewa

Mwongozo huu ni wa kuandika kapsheni ya siku ya kawaida, ile isiyo na harusi wala safari, kwa sauti ya mtu wa hali ya hewa. Nitatumia siku moja ya nyumbani kwetu Chuno, Mtwara: Jumamosi ya mwezi wa saba aliyokuja mjomba kutoka Newala. Tutaijenga kapsheni yake kuanzia kwenye karatasi hadi inapobandikwa. Kichwa cha habari cha gazeti nacho kinahusika, ila kina kazi yake tofauti, kwa hiyo nitakifikia mbele.

Kwanza, sikiliza taarifa yenyewe

Usianze kuandika kabla hujaisikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ukiwa na kalamu mkononi. Ukiisikiliza hivyo utagundua ina mpangilio usiobadilika. Inaanza na muda: "utabiri wa hali ya hewa kwa saa 24 zijazo, kuanzia saa 3:00 usiku wa leo." Kisha inakwenda mkoa kwa mkoa, na sisi wa Lindi na Mtwara kwa kawaida tunatajwa pamoja: hali ya mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Baadaye unakuja upepo wa pwani, unatoka upande gani na kwa kasi ya kilomita ngapi kwa saa. Hali ya bahari inafuata, mawimbi madogo au makubwa kiasi. Kuna viwango vya joto vya miji na nyakati za jua kuchomoza na kuzama, na mwisho matarajio ya siku inayofuata, ambayo mara nyingi ni maneno mawili tu: mabadiliko kidogo.

Yaandike maneno hayo kama yalivyosemwa, maana utayahitaji. Msomaji wako ameyasikia tangu utotoni, redioni na kwenye runinga, na akiyaona tu anajua yuko wapi. Kicheko kitatoka pale maneno hayo yaliyonyooka yanapobeba jambo la jikoni kwenu. Ukiyabadilisha, msomaji hatambui kitu, na kapsheni inabaki malalamiko ya kawaida.

Andika siku yako bila mapambo

Chukua karatasi uiandike siku jinsi ilivyo. Ya kwangu ilikuwa hivi. Mjomba, kaka yake mama, alishuka na basi la Newala mchana bila kupiga simu. Alikuja na kiroba cha ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha. Atakaa mpaka Jumatatu. Anaamka kabla ya adhana na kufungua redio kwa sauti. Anauliza chai kila mara. Ananiuliza nitaolewa lini. Mama ameshamwangalia kuku mmoja wa uani kwa jicho la Jumapili. Samaki walikuwa bei juu Feri kwa sababu kusi lilivuma na mitumbwi mingi haikutoka. Na umeme ulikatika jioni kwa muda.

Hapo kuna mambo mengi kuliko kapsheni inavyoweza kubeba, na hatua inayofuata ndiyo inayoamua yapi yabaki.

Tafuta mfumo mmoja

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtabiri wa kweli hatangazi mvua ya Lindi, upepo wa Mtwara na mawimbi ya Kilwa kama mambo matatu yasiyojuana. Nyuma yake kuna mfumo mmoja: kusi linavuma kutoka kusini-mashariki, au kuna mgandamizo mdogo wa hewa baharini, na mengine yote ni matokeo. Kapsheni nzuri inafanya vilevile. Siku yako ina jambo moja linalosukuma mengine, na kazi yako ni kulitafuta.

Kwenye orodha yangu ni mjomba. Ming'oko imeletwa na yeye. Redio, chai, maswali ya ndoa na hatari inayomkabili yule kuku vyote vimetokana na yeye. Samaki wa Feri na umeme havikutokana na mjomba, kwa hiyo vinatoka. Najua inauma kuacha jambo lililotokea kweli, hasa lile la samaki ambalo lina upepo halisi ndani yake. Lakini likiingia, msomaji anaanza kujiuliza mjomba na bei ya samaki wanahusiana nini, na hapo umeshampoteza.

Halafu mfumo upe asili, kama wanavyofanya wao. Newala iko juu kwenye Uwanda wa Makonde, na mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kweli, watu wanavaa masweta ambayo huku chini Mtwara mjini yangekutoa jasho. Mtu wa huku akisoma "mfumo wenye asili ya Uwanda wa Makonde umeshuka kuelekea pwani," anauona uwanda, anaiona barabara, anamwona mjomba na koti lake. Ukiwa Lindi, mfumo wako unaweza kutoka Rondo au Nachingwea. Taja mahali ambapo mgeni wako anatoka kweli, na ambapo wasomaji wako wanapajua.

Gawa nyumba kuwa mikoa

Taarifa inatembea mkoa kwa mkoa. Yako itembee chumba kwa chumba: ukumbini, jikoni, uani, barazani. Chukua vyumba vitatu tu, vile ambavyo mfumo umevigusa, na kila chumba kipate mstari mmoja.

Kwenye mstari huo tumia vipimo vya mtabiri. Ana ngazi tatu za eneo, na kila moja ina uzito wake: maeneo machache, baadhi ya maeneo, maeneo mengi. Maswali ya ndoa yaliniandama ukumbini tu, na mara mojamoja, kwa hiyo ni "vipindi vya maswali ya ndoa katika maeneo machache." Harufu ya ming'oko inayochemka ilijaza jiko na kutoka nje, kwa hiyo ni "maeneo mengi." Chagua ngazi iliyo kweli. Ukiandika "maeneo mengi" kila mahali, maneno yanapoteza uzito, na msomaji anahisi unapiga kelele.

Upepo una kanuni yake ambayo inasahaulika. Upepo unatajwa kwa upande unakotoka, siyo unakokwenda. Kusi linatoka kusini, kaskazi inatoka kaskazini. Kwa hiyo mjomba akiwa amekaa ukumbini anaulizia chai, upepo ni "kutoka ukumbini." Mvuvi wa Mikindani akisoma kapsheni iliyogeuza hapo ataliona kosa mara moja, na utani wako unaishia hapo.

Namba ziwe ndogo na ziwe za kweli. Mwezi wa saba jua la Mtwara huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Macheo ya nyumbani kwetu mjomba akiwepo ni saa 10:40 alfajiri, redio inapowashwa. Namba hiyo inachekesha kwa sababu ndiyo saa yenyewe. Ningeandika saa nane usiku ningekuwa nimetia chumvi, na utabiri hautii chumvi.

Weka vitenzi vya mtabiri, ondoa sauti yako

Hii ni rasimu ya namna ambayo nimeiona mara nyingi kwenye stetasi za watu:

"Jamani leo home mjomba kaja kama kimbunga, maswali yanamiminika kama mvua ya masika, redio ngurumo tupu, nimechokaaa."

Aliyeandika amechukua maneno ya hali ya hewa lakini hakuchukua sauti yake. Angalia neno "kama." Mtabiri hafananishi kitu na kitu, anatoa taarifa. Ukisema mjomba ni kama kimbunga, umemwambia msomaji kwamba unatania. Ukisema mfumo umeshuka na unatarajiwa kuwepo hadi Jumatatu, umemwachia raha ya kugundua mwenyewe. Basi pitia rasimu yako ufute kila "kama." Futa "jamani," futa "nimechoka," futa herufi zilizorefushwa na vikatuni vya kucheka. Mtabiri hachoki wala hashangai.

Mahali pake weka: unatarajiwa, yanatarajiwa, vipindi vya, kiasi, hadi. "Mjomba atauliza chai" inakuwa "upepo unatarajiwa kuvuma." "Mama atachinja kuku kesho" inakuwa "kuku mmoja anatarajiwa kupungua." Neno kupungua limebeba kisu, sufuria na mchuzi bila kuvitaja, na ndiyo maana naliona zuri kuliko sentensi yoyote yenye damu.

Pima ngazi ya onyo

Mamlaka inatumia ngazi tatu za onyo, nazo zina rangi: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Siku isiyo na neno inaandikwa tu: hakuna tahadhari. Kila onyo linakuja na athari zinazoweza kujitokeza, na hapo lugha inakuwa ya upole mno, mfano baadhi ya makazi kuzungukwa na maji, au kuchelewa kwa usafiri.

Siku ya kawaida haivuki angalizo. Mjomba kukuamsha alfajiri ni angalizo. Wageni tisa wa msiba kulala kwenu wiki nzima ni tahadhari. Tahadhari kubwa iache kabatini, pengine hutaihitaji mwaka mzima. Na zile athari ziandike kwa upole uleule: "kuamshwa na kupewa fagio" inatosha, hauhitaji kueleza jinsi ulivyojisikia ukilishika.

Kapsheni ikiwa tayari

UTABIRI WA HALI YA NYUMBA YETU, CHUNO
Kwa saa 24 zijazo kuanzia saa 3:00 usiku wa leo

Mfumo wenye asili ya Uwanda wa Makonde (mjomba) umeshuka kuelekea pwani na unatarajiwa kuwepo hadi Jumatatu.

Ukumbini: Hali ya redio, pamoja na vipindi vya maswali ya ndoa katika maeneo machache.
Jikoni: Moshi kiasi. Harufu ya ming'oko katika maeneo mengi.
Uani: Hali ya utulivu. Kuku mmoja anatarajiwa kupungua kuanzia mchana.

Upepo: Unatarajiwa kuvuma kutoka ukumbini ("Chai bado?") kila baada ya dakika 20.
Macheo: Saa 10:40 alfajiri.

ANGALIZO limetolewa kwa wanaolala hadi saa 3 asubuhi. Athari zinazoweza kujitokeza: kuamshwa na kupewa fagio.

Matarajio kwa Jumatatu: Mabadiliko kidogo.

Mstari wa mwisho ndio niliouhangaikia zaidi. Mjomba aliahidi kuondoka Jumatatu, na kila mwenye mjomba anajua ahadi hiyo ilivyo. Mwanzoni niliandika "Matarajio kwa Jumatatu: mfumo unatarajiwa kurejea Newala," ikawa taarifa sahihi isiyo na chochote. "Mabadiliko kidogo" ni maneno ya mtabiri mwenyewe, hayakuguswa hata herufi, na yamesema kwamba mjomba yupo sana.

Picha inayokaa nayo iwe tulivu. Mimi ningeweka kile kiroba cha ming'oko kikiwa kimesimama mlangoni, au redio juu ya meza. Usipige picha ya uso wa mjomba. Picha ikichekesha na maneno yakachekesha, vinagombea nafasi, na isitoshe ni mjomba wako, hajaomba kusambazwa.

Kuhusu mahali pa kubandika, stetasi ya WhatsApp inafaa kuliko kwingine kwa sababu nzuri: inakaa saa 24 halafu inafutika, muda uleule ambao utabiri wako unausema. Ibandike karibu na saa tatu usiku, ule mstari wa pili uwe kweli. Kwenye Instagram kuna nafasi ya herufi 2,200, lakini watu wanaona mwanzo tu mpaka wabonyeze, kwa hiyo mistari miwili ya juu ndiyo inayofanya kazi yote. Ikibidi kufupisha, toa macheo kwanza, kisha jikoni. Usitoe mfumo wala matarajio.

Kichwa cha habari, kwa jambo lililokwisha kutokea

Utabiri unatazama mbele. Kama siku yako imeshamaliza kutokea na ina tukio moja lenye mwanzo na mwisho, tumia kichwa cha gazeti. Kuku akishaliwa, utabiri hauna kazi tena.

Vichwa vya magazeti yetu vina kitenzi chao: kinakatwa kikawa kifupi, bila "na" wala "me." Mhariri haandiki "mjomba ametua," anaandika "mjomba atua." Chai yacheleweshwa, kuku wapewa saa 24, maswali yatanda. Kitenzi kiwe cha nguvu lakini mhusika awe wa kawaida, na maneno yasizidi saba au nane. Chini yake weka kichwa kidogo cha mstari mmoja kinachotoa maelezo mapya, halafu sahihi ya chumba cha habari:

MJOMBA ATUA CHUNO NA KIROBA CHA MING'OKO
Kuku wa uani wapewa saa 24, mama asema "hatumwonei mtu"
Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Hiyo nukuu ya mama ni ya kweli, alisema hivyo akinoa kisu. Usitunge nukuu kwa kapsheni hizi. Sikiliza nyumbani kwenu kwa siku moja, utapata mdomo wa mtu umetoa kitu ambacho hungekifikiria.

Usiunganishe mitindo miwili kwenye bandiko moja. Kichwa cha gazeti juu na utabiri chini vinamfanya msomaji asijue anasoma taarifa ya jana au ya kesho.

Pale ambapo utani unapaswa kusimama

Huku kusini tunaujua upepo. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilielekea kwetu na watu wa Mtwara wakatangaziwa kuchukua hatua, kisha kikatua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25. Aprili 2021 Jobo kilikuja kikafifia kabla ya nchi kavu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya kusini maeneo ya Kilwa, na abiria wa Lindi na Mtwara wakakwama njiani. Mwenye ndugu kwenye basi siku zile hasomi neno "angalizo" akiwa ametulia.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa kapsheni yako utaje nyumba: "Utabiri wa hali ya nyumba yetu." Mtu akipiga picha ya skrini akaituma kwenye kundi la mtaa, mstari huo unakwenda nao. Usitumie nembo ya Mamlaka wala rangi za bango lake, na usitumie maneno kimbunga, mafuriko au mvua kubwa pamoja na jina la mtaa halisi, hata ukimaanisha shangazi. Sheria ya mwaka 2019 iliyoianzisha Mamlaka hiyo imeipa yenyewe kazi ya kutoa tahadhari za hali ya hewa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kusambaza taarifa za uongo. Nembo ya gazeti nayo ni hivyohivyo, iache.

Na kama onyo halisi limetolewa kwa Lindi na Mtwara siku hiyo, usibandike kabisa. Mjomba atasubiri. Utajua kapsheni imevuka mpaka ukipata jibu moja tu la mtu anayeuliza "ni kweli?" au "upande wa Shangani vipi?" Hapo ifute papo hapo, mjibu yeye kwanza, kisha waandikie wote waliokwisha kuiona kwamba lilikuwa jambo la nyumbani.

Siku ya pili, toa tathmini

Watabiri hurudi kulinganisha walichosema na kilichotokea, na kapsheni yako ikifanya hivyo inapata maisha ya pili. Iwe mistari mitatu, kwa sauti ileile, na iseme wazi palipokosewa. Ya kwangu ya Jumapili jioni ilikuwa hivi:

TATHMINI YA UTABIRI WA HALI YA NYUMBA YETU
Macheo yalitokea saa 10:25, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Vipindi vya maswali ya ndoa viliongezeka baada ya shangazi kuwasili kutoka Mikindani.
Kuku waliopungua ni wawili.